Kabla ya Kununua Pampu, Piga Hesabu ya Petroli

Tuchukulie mkulima wa Ruaha Mbuyuni, mkoani Iringa, mwenye nusu ekari karibu na mto. Kiangazi shamba hulala, na sasa anataka kulimwagilia vitunguu. Bei zifuatazo ni za mfano; wewe weka za dukani kwako.

Pampu ya petroli ya inchi 2 ni shilingi 450,000. Mpira wa kunyonya pamoja na chujio lake ni 80,000, mpira wa kupeleka maji wa mita 100 ni 200,000, na vibano pamoja na usafiri 70,000. Jumla ni 800,000, na fedha hiyo inatoka mara moja.

Petroli, kwa upande wake, hununuliwa kila msimu. Nusu ekari ya vitunguu huhitaji takriban lita 10,000 za maji kwa siku. Ukimwagilia kila baada ya siku 4, ukaongeza na yanayopotea mferejini, ni lita 60,000 kwa mara moja. Pampu ikitoa lita 15,000 kwa saa, utaiwasha saa 4. Kwa siku 90 utamwagilia mara 22, yaani saa 88. Ikinywa lita moja kwa saa, na petroli ikiwa 3,000 kwa lita, ni 264,000. Ongeza oili na plagi, ufikishe 300,000.

Tuseme mavuno ni magunia 30 ya kilo 100, kila gunia 60,000: unapata 1,800,000. Toa 900,000 za mbegu, mbolea, dawa, vibarua na magunia, kisha 300,000 za kuendesha pampu. Zinabaki 600,000. Misimu miwili ni 1,200,000. Ukirudisha gharama ya mitambo, faida ni 400,000. Kama kiangazi shamba lilikuwa tayari linakupa kitu, kitoe pia, kwa sababu hicho hakikuletwa na pampu.

Faida hiyo ni nyembamba. Gunia likishuka chini ya takriban 53,300 kwa misimu yote miwili, hata fedha ya pampu hairudi.

Hatari nyingine imo kwenye mpira. Namba iliyoandikwa kwenye pampu ni ya maji yasiyopandishwa kilima wala kupita mpira mrefu. Kwa hiyo omba kuijaribu shambani kabla ya kulipa. Peleka pipa la lita 200 mwisho kabisa wa mpira, uhesabu muda. Likijaa kwa sekunde 48, unapata zile lita 15,000 kwa saa. Likichukua sekunde 96, saa za kuwasha pampu zinakuwa maradufu, na petroli ya ziada kwa misimu miwili ni 528,000. Faida yote imekwisha, na una hasara ya 128,000.

Maji yakitoka kidogo, sogeza pampu karibu na mto kwanza. Kimo cha kunyonya kikizidi mita 7 hivi, pampu hushindwa. Kisha kagua maungio yanayoingiza hewa, na upime tena kwa mpira mpana zaidi. Pipa likiendelea kuchelewa, usinunue pampu hiyo kwa shamba hilo.