Kusawazisha Droni ya Mabawa Kabla ya Kurushwa

Kitovu cha uzito ni mahali ambapo droni ikishikiliwa hukaa sawa, haiinamii mbele wala nyuma. Kwa droni ya kawaida yenye bawa lililonyooka na mkia nyuma, kitovu hicho hutakiwa kuwa kati ya asilimia 25 na 30 ya upana wa bawa, kupimwa kutoka ukingo wa mbele. Bawa la upana wa sentimita 20, basi, huwekewa alama kati ya sentimita 5 na 6. Droni isiyo na mkia ina hesabu yake, na kitovu chake hukaa mbele zaidi.

Kwa safari ya kwanza ni heri kuchagua upande wa mbele wa nafasi hiyo. Droni iliyozidiwa uzito puani huruka kwa uvivu na hutua kwa kasi, lakini humtii rubani. Iliyozidiwa mkiani huinua pua mara tu inapoachiliwa, kila jaribio la kuirekebisha hupita kiasi, kasi hupotea, bawa huacha kunyanyua na droni hudondoka. Trimu haiwezi kuponya kasoro hiyo, na ndiyo sababu kitovu hushughulikiwa kwanza.

Droni hupimwa ikiwa kamili: betri, kamera, propela na vifuniko vyote vikiwa mahali pake. Alama huchorwa kwa kalamu chini ya bawa, kulia na kushoto karibu na kiwiliwili, kisha droni huinuliwa kwa ncha za vidole viwili penye alama hizo. Pua ikiinama kidogo tu, hali ni nzuri.

Tuseme droni ya gramu 900 inatakiwa kusawazika kwenye sentimita 5, lakini imekutwa inasawazika kwenye sentimita 8. Imepitiliza kwa sentimita 3, na 900 mara 3 ni 2,700. Betri ya gramu 200 ingelazimika kusogezwa mbele sentimita 13.5 ili kufuta tofauti hiyo. Kama puani kuna nafasi ya sentimita 10 tu, betri itafuta 2,000 na kubakiza 700. Kipande cha risasi kikiwekwa sentimita 28 mbele ya alama, 700 hugawanywa kwa 28, na jibu ni gramu 25. Betri husogezwa kwanza kwa sababu haiongezi uzito. Risasi ni mzigo usiofanya kazi nyingine yoyote. Betri ikishapata mahali pake, mpaka wake huchorwa ndani ya kiwiliwili, maana ikirudi nyuma sentimita mbili tu siku nyingine, hesabu yote imeharibika.

Baada ya hapo huja zamu ya vibao vinavyoiongoza droni: eleroni kwenye mabawa, eleveta na usukani mkiani. Propela huondolewa kwanza, kwani injini ikiwaka kwa bahati mbaya hukata vidole. Rimoti huwashwa trimu zote zikiwa katikati, kisha mkono wa kila sevo hufungwa ukiwa wima kadiri meno yake yanavyoruhusu. Kibao kikiwa kimepinda, hunyooshwa kwa kurefusha au kufupisha waya unaokisukuma. Kazi hii wengi huiruka na kukimbilia vitufe vya rimoti, lakini trimu kubwa hula mwendo wa sevo, na kibao hubaki na nafasi ndogo upande mmoja. Kwenye droni inayoongozwa na ArduPilot, trimu za rimoti huachwa katikati kabisa, na masahihisho madogo yaliyobaki huandikwa kwenye vigezo kama `SERVO1_TRIM`.

Mwelekeo hukaguliwa mara mbili, mkaguzi akiwa amesimama nyuma ya droni. Katika hali ya `MANUAL`, fimbo ikisukumwa kulia, eleroni ya kulia hupanda na ya kushoto hushuka. Ikivutwa nyuma, eleveta hupanda. Kisha hali hubadilishwa kuwa `FBWA`, fimbo huachwa, na droni yenyewe hulazwa kwa mkono upande wa kulia. Sasa eleroni ya kulia lazima ishuke, kwa kuwa kompyuta inajaribu kulinyanyua bawa lililoshuka. Pua ikiinamishwa, eleveta lazima ipande. Droni inaweza kufaulu jaribio la kwanza na kufeli la pili, na hapo kompyuta ingeipindua angani huku fimbo ikiwa sawa kabisa. Vibao vikienda kinyume katika jaribio la pili pekee, kosa hutafutwa kwenye mipangilio ya rimoti na ya sevo kwa pamoja, kisha majaribio yote mawili hurudiwa tangu mwanzo.