Povu Lisilokwisha na Kope Zinazovimba Alfajiri

Kope zilizovimba kwa sababu ya figo hupotea kabla hazijaonekana na mtu anayezijua. Mtu anaamka macho yamejaa, kioo kinamwonyesha uso ambao si wake, lakini kufikia saa sita mchana kope zimeshuka na sasa ni viatu vinavyobana. Akifika zahanati saa nane, mhudumu haoni kitu usoni, basi anaandika mzio na kumpa vidonge. Kesho yake anameza kidonge saa moja asubuhi, mchana kope zinapungua, naye anaamini dawa imemfaa. Zingepungua hata asingemeza kitu. Usiku alilala chali, maji ya mwili yakasambaa hadi usoni. Alipoamka na kutembea, maji yale yale yakateremka miguuni.

Kope hutangulia kwa sababu ngozi yake ni nyembamba kuliko ngozi nyingine yote ya mwili, na nyama iliyo chini yake ni legevu, haina mafuta mengi wala misuli mikubwa ya kubana maji. Mzio kwa kawaida huwasha, macho huwa mekundu na machozi hutoka. Uvimbe wa figo hauwashi, na huja macho yote mawili kwa pamoja. Jioni, bonyeza kwa kidole gumba mbele ya muundi kwa sekunde kumi hivi. Kidole kikiondoka kikaacha shimo, hayo ni maji, na swali linalofuata ni la mkojo.

Mkojo wowote ukianguka kwa nguvu kutoka juu hutoa mapovu. Ya kawaida ni makubwa, machache, na hupasuka upesi. Ya protini ni madogo, mengi, yamepangana tabaka, na dakika kadhaa baadaye bado yapo. Sababu ni umbo la albumini, protini kuu ya majimaji ya damu: ina sehemu zinazopenda maji na sehemu zinazoyakwepa, kwa hiyo hujipanga juu ya utando wa povu na kuuzuia usipasuke. Hipokrati, tabibu wa Ugiriki ya kale, aliyahusisha mapovu juu ya mkojo na ugonjwa mrefu wa figo bila kujua kuna kitu kinachoitwa protini. Mwaka 1827 Richard Bright wa hospitali ya Guy's, London, alieleza wagonjwa waliovimba ambao mkojo wao, ukipashwa moto kwenye kijiko juu ya mshumaa, uliganda ukawa mweupe. Alipochunguza maiti zao, akakuta figo zimeharibika.

Shida yetu ni kwamba dalili hii imeelezwa na watu wenye vyoo vya kukaa vyenye maji. Anayetumia choo cha shimo hataona povu hata siku moja. Kwake yeye njia ni kukojoa kwenye kopo safi linaloonyesha ndani, mkojo wa kwanza wa asubuhi, kisha kuliweka chini na kuangalia baada ya muda. Kopo lisuuzwe vizuri, maana mabaki ya sabuni hutoa povu lake, na dawa za kusafishia choo vilevile. Mkojo mzito wa mtu aliyekunywa maji kidogo nao unaweza kudanganya. Povu la siku moja si ugonjwa. Povu la kila asubuhi pamoja na kope zilizojaa ni jambo jingine kabisa.

Ili kuelewa kinachovuja, anza na hesabu. Figo mbili huchuja karibu lita 180 za majimaji ya damu kwa siku, ingawa mwilini yapo kama lita tatu tu, hivyo yale yale hupita tena na tena. Kila lita ina takriban gramu 40 za albumini. Chujio lisingekuwepo, zaidi ya kilo saba za albumini zingemwagika kila siku. Mtu mzima wa afya hupoteza kwenye mkojo chini ya miligramu 30.

Kazi hiyo hufanywa na mafundo madogo ya mishipa ya damu, kama milioni moja katika kila figo. Ukuta wa mishipa hiyo una tabaka tatu, na ya nje ndiyo ya ajabu: seli ziitwazo podositi, zenye miguu mirefu inayoingiliana kama vidole vya mikono miwili iliyofumbatana. Katika upenyo ulio kati ya kidole na kidole umetandazwa utando mwembamba wa protini, na moja ya protini hizo ni nefrini. Tuliifahamu kupitia watoto wa Finland waliozaliwa wakivuja: mwaka 1998 kundi la mtafiti Karl Tryggvason liligundua kwamba jeni yao ya nefrini ina kasoro. Tabaka nyingine za chujio walikuwa nazo, lakini bila utando huo albumini ilimwagika tangu wangali tumboni. Podositi zina udhaifu mmoja mkubwa, nao ni kwamba zikifa hazizaliwi upya kwa urahisi. Ndiyo maana mvujo uliogunduliwa mapema hauna hatima sawa na ule ulioachwa miaka.

Chukua mfano wa dada wa miaka 29, muuza nguo, mwembamba, hana kisukari wala shinikizo la damu. Miezi miwili anaamka na kope zilizovimba. Alikuwa na kilo 58, sasa ana 66, na majirani wanampongeza kwa kunenepa. Anapimwa damu katika maabara ya mtaani na kuambiwa figo ziko sawa, kwa kuwa kreatinini ni 68, ndani ya kawaida. Hapo ndipo wengi hupotezwa. Kreatinini hueleza kama figo bado zinatoa taka. Haielezi kama chujio limetoboka. Mtu anaweza kumwaga protini nyingi huku taka zikitoka bila tatizo.

Hatimaye mkojo wake unapimwa kwa kijiti, nacho kinaonyesha alama nne za protini. Kipimo cha kulinganisha protini na kreatinini kwenye mkojo kinakadiria gramu sita kwa siku, na gramu tatu na nusu ndiyo mstari ambao madaktari huuita mvujo mkubwa. Albumini ya damu ni 19, wakati ilipaswa kuwa 35 au zaidi. Lehemu imepanda hadi 9.8, jambo linalomshangaza kwa kuwa hali vya mafuta. Ini lake limeona protini zinapungua, likaongeza kasi ya kutengeneza, na pamoja na protini likazalisha mafuta ya damu kwa wingi.

Zile kilo nane ni maji. Sehemu yake yametoka nje ya mishipa kwa sababu albumini, inayoyavuta maji yabaki ndani ya damu, imepungua. Sehemu nyingine ni chumvi. Pamoja na albumini huvuja kitangulizi cha kimeng'enya kiitwacho plazmini, na kikifika kwenye mirija ya figo hugeuka kuwa plazmini, ambayo hufungua milango ya sodiamu, ikarudishwa mwilini chumvi iliyopaswa kutoka, nayo huja na maji. Ndiyo sababu kupunguza chumvi humsaidia kuliko mayai sita kwa siku anayoshauriwa na shangazi. Protini ya kula kwa wingi haizibi chujio. Sehemu kubwa ya ziada huishia kuzitwisha figo mzigo.

Daktari makini hataishia kwenye vidonge vya kupunguza maji. Atamuuliza: unapaka nini usoni? Dada anatoa kopo la krimu ya kung'arisha ngozi, na mkorogo anaochanganyiwa sokoni. Swali hilo lina historia hapa hapa kwetu. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha katika jarida la tiba la Uingereza taarifa ya watu wazima waliolazwa kwa mvujo wa aina hii, na zaidi ya nusu walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha zenye zebaki. Zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, hupenya, na kwenye figo huweza kuchochea kinga ya mwili ijae kwenye ukuta wa chujio, au kuvifanya vile vidole vya podositi vilale bapa na kuacha upenyo wazi.

Inaniuma kwamba zaidi ya miaka 50 baadaye bado tunauliza swali lile lile. Mkataba wa Minamata umepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, na makopo bado yamepangwa vibandani, mara nyingi bila neno zebaki popote. Dalili moja inayosaidia ni onyo linalosema krimu isiguse dhahabu, fedha au vito: zebaki hushikana na madini hayo. Krimu hiyo huhamia pia kwenye taulo, mto na shavu la mtoto anayebebwa.

Dada akiiacha krimu kabisa, mvujo wa namna hii mara nyingi hupungua kwa miezi kadhaa. Wakati huo hupewa losatani au dawa ya jamii yake, ambayo hupunguza msukumo ndani ya chujio (haifai kwa mjamzito), na hospitali yenye uwezo huchukua chembe ya figo kwa sindano ili kujua ni aina gani ya uharibifu.

Kijiti kilichomfichua ni karatasi ya njano inayogeuka kijani inapokutana na albumini, na jibu hutoka kwa dakika moja. Kwenye kliniki ya wajawazito hutumika kwa wengi, lakini mgonjwa mwingine aliyevimba hupimwa malaria kwanza, kisha taifodi, na mkojo ukasahaulika. Tunapoteza figo za watu kwa uzembe huo. Kijiti nacho kina mipaka: mkojo mwepesi huficha protini, homa au mazoezi makali huiongeza kwa muda, kwa hiyo jibu baya lirudiwe kwa mkojo wa alfajiri. Chupa ikiachwa wazi kwenye joto na unyevu wa Pwani, vijiti huharibika.

Zebaki ni sababu moja tu. Nyingine ni kisukari, shinikizo la damu, virusi vya Ukimwi, homa ya ini aina B, selimundu, lupasi, dawa za maumivu zilizotumika muda mrefu, na malaria ya muda mrefu kwa watoto. Watoto wadogo wengi wenye mvujo huitikia prednisoloni ndani ya wiki nne. Wasisubiri hata siku moja: mjamzito aliyevimba mwenye kichwa kinachouma au macho yanayoona giza, mwenye mguu mmoja uliovimba na kuuma au pumzi inayokatika ghafla, kwa kuwa damu huganda ovyo protini zinazoizuia zikivuja, na mtoto aliyevimba mwenye homa na tumbo linalouma.