Nyasi za Kiangazi Hulindwa Wakati wa Mvua

Katika kaunti ya Isiolo, kaskazini mwa Kenya, swali gumu kuliko yote kwa mfugaji huja mvua inapokuwa imenyesha vizuri. Kando ya mto Ewaso Ng'iro nyasi zimeota, maji yapo na vijiji viko karibu. Mtu angeweza kukaa hapo na ng'ombe wake bila taabu. Lakini wazee wanaosimamia malisho watamwambia aondoke, aende mbali na mto kwenye nyanda ambazo kwa kawaida ni kavu, na asirudi mpaka madimbwi ya huko yakauke. Asipoondoka sasa, mwezi wa Septemba hapatakuwa na kitu mahali hapo.

Wazee hao ni wa dedha, mfumo wa Waborana wa kusimamia malisho. Dedha ni eneo la malisho lenye mipaka inayojulikana, na kila moja ina baraza la wazee wake. Maeneo kama Kinna, Garba Tula, Merti na Sericho yamezoea utaratibu huu kwa vizazi vingi. Mvua ya huko huja mara mbili kwa mwaka: ganna, kati ya Machi na Mei, na hagaya, kati ya Oktoba na Desemba. Katikati kuna viangazi viwili, na kile kirefu huanza Juni na kuendelea hadi hagaya ifike. Hata katika msimu mzuri mvua hunyesha kwa vipande, upande mmja wa bonde ukapata na wa pili ukakosa.

Ndiyo maana dedha hugawa ardhi katika sehemu tatu. Ya kwanza ni malisho ya masika, yaliyo mbali na maji ya kudumu. Huko mifugo hunywa maji ya madimbwi yanayojaa mvua inaponyesha, basi eneo hilo haliwezi kutumika wakati mwingine wowote. Ya pili ni malisho ya kiangazi, karibu na mto na visima. Ya tatu ni akiba ya ukame, ambayo haiguswi mpaka wazee waseme kwamba mvua imekosa kweli. Mpango mzima unasimama juu ya kanuni moja: kila eneo liliwe wakati ambapo ni hilo tu linaloweza kuliwa, na lile linalodumu liachwe kwa ajili ya baadaye.

Mifugo nayo hugawanywa. Ng'ombe wanaokamwa na ndama wadogo hubaki karibu na boma, kwa sababu watoto na wazee wanahitaji maziwa. Madume, mitamba na majike yasiyo na maziwa huenda fora, yaani huongozwa na vijana mpaka malisho ya mbali. Wa fora wanaweza kutembea mwendo mrefu. Wakati wa kiangazi hunyweshwa kila baada ya siku mbili au tatu, wakapata nafasi ya kwenda kula mbali na kisima kisha kurudi. Ngamia huvumilia siku nyingi zaidi. Familia inayoweka mifugo yake yote mahali pamoja humaliza nyasi za kundi la maziwa kwanza, na dalili yake huonekana katika kibuyu kabla haijaonekana ardhini.

Wakati wa kuhama haupangwi kwa kalenda peke yake. Kabla ya kundi kuondoka, hutumwa watu wazoefu kwenda kukagua. Waborana huita kazi hiyo aburu, na Wasomali huiita sahan. Wakaguzi hutazama aina ya nyasi, kama zimekomaa au zimeliwa, maji yaliyobaki yatatosha kwa muda gani, kupe, wanyama wakali, magonjwa, na nani yuko huko tayari. Wakirudi, husema mbele ya wazee na kila jambo huhojiwa. Nyumbani nako mchungaji husoma wanyama wake. Kinyesi kilichokuwa laini kinapokuwa kikavu na kigumu, nyasi zimepoteza nguvu. Ng'ombe anayetembea sana huku akiinamisha kichwa mara chache hapati cha kula, na anayerudi bomani jioni ubavu ukiwa umeingia ndani hakushiba. Mwenye kungoja mpaka mifupa ionekane amechelewa, kwa kuwa mnyama dhaifu hawezi kumaliza safari.

Sasa mpango huo unakutana na watu wengine. Isiolo imezungukwa na majirani wanaohitaji nyasi hizo hizo: Wasamburu na Warendille upande wa magharibi na kaskazini, Wasomali wa Wajir na Garissa upande wa mashariki, na Waturkana na Wameru ndani ya kaunti na pembezoni mwake. Mvua ikiwapita wao, watakuja. Kuwafukuza siku zote hakuwezekani, tena hakuna faida, kwa sababu mwaka ujao huenda mvua ikawapita wenyeji. Anayefunga mlango leo hana mahali pa kubisha kesho. Kwa hiyo linalozungumzwa hasa ni masharti ya kuingia.

Sharti la kwanza ni kwamba watu hutangulia na ng'ombe hufuata. Wazee wa wageni hufika wakiwa hawana kundi, wakaketi na wazee wa dedha na kueleza wanatoka wapi, wana mifugo ya aina gani na mingapi, ina ugonjwa gani, na wanataka kukaa mpaka lini. Wenyeji hupata nafasi ya kushauriana kabla ya kujibu. Kundi likifika kwanza, mazungumzo yameharibika: wenyeji wanaona wamevamiwa, na wageni wana wanyama wenye kiu wasioweza kurudi nyuma. Azimio la Modogashe la mwaka 2001, lililowakutanisha wafugaji wa kaskazini mashariki mwa Kenya baada ya miaka ya umwagaji damu, liliweka jambo hili wazi: anayehamia eneo la wengine aombe ruhusa kwanza.

Sharti la pili linahusu maji, maana mwenye kisima ndiye mwenye nyasi zinazokizunguka. Mto ni wa wote, lakini mifugo huufikia kupitia malka, njia maalumu za kunyweshea, na hizo zina watu wa kuzisimamia. Visima vya kuchimbwa kwa mikono vina wenyewe. Kwenye kisima kuna mzee anayepanga zamu, abba herega, na mgeni hupewa siku yake baada ya wenyeji. Akinyimwa zamu ya maji, nyasi zote za eneo hilo hazimfai kitu.

Sharti la tatu ni muda na idadi, na hapa hesabu kidogo husaidia. Tuchukue mfano wa dedha yenye hekta 5,000 za malisho ya kiangazi. Tuseme mwishoni mwa ganna kila hekta ina kilo 400 za nyasi kavu. Nusu yake haifai kuhesabiwa: nyingine hukanyagwa, nyingine huliwa na mchwa na wanyamapori, na nyingine lazima ibaki ili mizizi isife na udongo usipeperushwe. Zinabaki kilo 200 kwa hekta, jumla kilo milioni moja. Ng'ombe mwenye uzito wa kilo 250 hula takriban kilo 6 kwa siku. Wenyeji wana ng'ombe 500 na wanataka kuvuka siku 150 za kiangazi, kwa hiyo watatumia kilo 450,000. Zinazobaki ni kilo 550,000. Wakija wageni na ng'ombe 1,500, wanakula kilo 9,000 kwa siku, nao wanaweza kukaa siku 61. Wakisema 1,500 lakini wakaleta 2,500, nyasi hizo zitaisha siku ya 37, na kuanzia hapo kila mnyama wa mgeni anakula akiba ya mwenyeji.

Wazee wengi hawaandiki hesabu hii. Huipima kwa macho na kumbukumbu. Ila wanafikia jambo lile lile: idadi ya uongo ndiyo kosa kubwa la mgeni, na ndiyo sababu makundi huhesabiwa yanapopita. Makubaliano mazuri hutaja tarehe ya kuondoka, au tukio linaloifupisha, kwa mfano mvua kunyesha kwa wageni. Hutaja pia njia ya kupitia, mahali pa kupiga kambi, sehemu ya akiba isiyoingiwa, miti isiyokatwa, na faini ya atakayevunja, ambayo mara nyingi hulipwa kwa mnyama. Jambo la magonjwa nalo husemwa mapema. Homa ya mapafu ya ng'ombe na sotoka ya mbuzi na kondoo huenea makundi yanapokutana kisimani, kwa hiyo kundi lenye dalili hutengwa.

Utaratibu huu una mahali unapokwama. Baraza la wazee lina nguvu kwa mtu anayejali jina lake. Halina nguvu sana kwa vijana wenye bunduki, wala kwa mchungaji wa kuajiriwa ambaye mwenye ng'ombe anaishi mjini na hajawahi kuketi na wazee hao. Ukame mrefu nao hushinda mipango yote: kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo, akiba ikaliwa yote, na majirani wote wakawa wahitaji kwa wakati mmoja.

Tatizo jingine huletwa na watu wenye nia njema. Kisima cha mashine kikichimbwa katikati ya malisho ya masika au katika akiba ya ukame, watu hukaa hapo mwaka mzima. Kilichokuwa kinalindwa na ukosefu wa maji hakina tena mlinzi, na baada ya miaka michache pembeni mwa kisima hubaki vumbi na vichaka visivyolika. Njia ya kuepuka hasara hiyo ni kuzima mashine mvua inaponyesha na kuifungua kwa idhini ya dedha tu, lakini hilo huhitaji mamlaka inayotambuliwa.

Kwa upande wa sheria, mlango upo. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016, kifungu cha 28, inatambua desturi za jamii za wafugaji na kuruhusu matumizi ya malisho yawekewe masharti, ikiwemo aina na idadi ya mifugo. Jamii iliyosajili ardhi yake inaweza basi kuyaandika makubaliano yake na kuyasimamia mbele ya chifu na mahakama.

Kwa hiyo kaunti na miradi wanaotaka kusaidia waanze kwa kuuliza wazee wa dedha kabla ya kuchagua mahali pa kuchimba maji. Na mfugaji ambaye mvua imempita asingoje madimbwi yakauke: atume wazee wake kwa jirani mapema, wakiwa na idadi ya kweli na tarehe ya kuondoka.