Laki moja ya Agosti

Tuchukue mfano wa mwenye biashara ya intaneti ya majumbani pale Changanyikeni, Dar es Salaam, ambako wapangaji wengi ni wanafunzi wa chuo kikuu cha jirani. Ana wateja 100 wanaomlipa kila mwezi kwa Lipa Namba. Themanini wako kwenye kifurushi cha shilingi 30,000 na 20 kwenye cha 50,000. Julai inafungwa kwa 3,400,000, Agosti kwa 3,500,000. Laki moja imeongezeka, naye anaanza kuulizia bei ya antena ya pili ili apanue biashara hadi mtaa wa pili.

Laki hiyo moja imeficha mengi. Ili kuyaona, hana budi kufungua daftari la majina: kila mteja mstari wake, kila mwezi safu yake, na ndani yake kile anacholipia kwa mwezi. Ada ya kumfungia mteja mpya haiingii humo, maana hailipwi tena. Aliyelipa 324,000 za mwaka mzima kwa mkupuo anaandikwa 27,000 kila mwezi, la sivyo mwezi mmoja utavimba na 11 inayofuata itaonekana mikavu.

Baada ya hapo analinganisha Julai na Agosti, jina kwa jina. Wateja 12 hawakuwahi kuonekana daftarini: hayo ni mapato mapya, 360,000. Watano wamepanda kutoka kifurushi cha 30,000 hadi cha 50,000, na nyongeza yao ni 100,000. Wanne Julai walikuwa na sifuri lakini waliwahi kulipa miezi ya nyuma. Hao wamerudi na 120,000. Upande wa hasara, 14 wa kifurushi kidogo wameondoka na 420,000, na watatu wameshuka kutoka kifurushi kikubwa wakapunguza 60,000. Kwa hiyo kilichopotea ni 480,000.

Hesabu inakubali: 3,400,000, jumlisha 360,000, 100,000 na 120,000, toa 480,000, inabaki 3,500,000. Ila sasa habari ni nyingine kabisa. Ukiwaweka kando wageni na waliorudi, wateja wa Julai wamebakiza 3,020,000 tu. Katika kila shilingi 100 walizokuwa wakileta, zimesalia takriban 89. Mwezi ambao mafundi hawatapata wateja wapya, biashara itashuka bila kupigiwa hodi.

Wengi huteleza kwenye waliorudi. Ukiwachanganya na wapya, mapato mapya ya Agosti yanasomeka 480,000, na fundi anayelipwa kamisheni kwa kila mteja mpya anajipatia ya watu wanne waliojirudia wenyewe.

Kuna mtego mwingine, na huku kwetu kwenye malipo ya kabla ndio mkubwa zaidi. Mteja hakati mkataba, anachelewa tu. Kifurushi chake kimeisha tarehe 28, mshahara unatoka tarehe 3. Ukimwandika amepotea mwezi huu na amerudi mwezi ujao, mafungu yote mawili yanavimba ilhali hakwenda popote. Dalili yake ni kwamba kilichopotea mwezi mmoja kinakaribia kulingana na kilichorudi mwezi unaofuata, tena majina ni yaleyale. Dawa ni kuweka siku za kungoja, tuseme 10, na kutozibadilisha kila mwezi kwa kufuata hali ya moyo.

Katika mfano wetu wale 14 wamevuka siku hizo, kwa hiyo wameondoka kweli. Mwenye biashara anawapigia simu. Tisa ni wanafunzi waliokwenda kwao likizo ndefu. Wawili wamehama nyumba. Watatu waliobaki wanalalamika kwamba kuanzia saa mbili usiku intaneti inasuasua, na walioshuka kifurushi wana neno hilohilo: ya nini kulipa 50,000 kwa kasi ya 30,000?

Hapo antena ya mtaa wa pili inasogezwa mbele. Ikichota kwenye laini ileile, itawabana zaidi wanaokwazika tayari, kwa hiyo pesa inaelekezwa kwanza kwenye kuongeza ukubwa wa laini.

Kwa wanafunzi anafikiria kifurushi cha likizo cha 10,000, ruta ibaki chumbani na namba ya mteja isifutwe. Atakayekikubali hataandikwa amepotea na 30,000. Ataandikwa amepungua kwa 20,000, na chuo kikifunguliwa akarejea kifurushi chake cha zamani, hizo 20,000 zitaingia kwenye fungu la nyongeza. Aliyekikataa akaja tena mwenyewe ataingia kwenye waliorudi, hata kama fundi atadai ni mteja wake mpya.