Kitenge Hicho, Si Kile

Kwenye duka la vitenge, mteja akisema "kitenge hiki", kiko mkononi mwake au mbele yake. Akisema "kitenge kile", muuzaji atageuka kutazama rafu ya juu, mbali na wote wawili. Na je, kile ambacho muuzaji mwenyewe anakikunja? Hicho ndicho "hicho", kwa kuwa kiko karibu na anayeambiwa.

Hapa ndipo wengi wanaojifunza Kiswahili hukosea. Hupima umbali kutoka kwao tu, wakasema "kile" kwa kitu alichokishika msikilizaji. Kosa hujulikana mara moja: muuzaji huacha alichoshika na kuanza kutafuta kwingine.

Mwisho wa neno husaidia. "Hicho" huishia na o, "kile" na le, na ngeli ikibadilika miisho hiyo hubaki: mkoba huu, huo, ule, samaki huyu, huyo, yule.

Hiyo o ina kazi nyingine pia, ya kurejelea kilichokwisha kutajwa. "Nilinunua kitenge Kariakoo, kitenge hicho kimechuja." Hakuna anayekiona, kimo kabatini nyumbani, lakini bado ni "hicho", maana msikilizaji ameshasikia habari zake.