Mchoro wa Mtoto Hauwezi Kuthibitisha Dhuluma

Jaribio la kuchora mtu ni jepesi kuliendesha. Mtoto hupewa karatasi tupu na penseli, huombwa achore mtu mzima kuanzia kichwa hadi miguu, kisha mtaalamu huukagua mchoro akitafuta dalili. Mchoro mdogo uliobanwa pembeni huhesabiwa kuwa ishara ya kutojiamini, meno yaliyochomoza kuwa ishara ya ukali, na sehemu iliyotiwa weusi kwa penseli kuwa ishara ya wasiwasi. Jaribio hili ni la jamii moja na lile la kuchora nyumba, mti na mtu, na lile la madoa ya wino la Hermann Rorschach. Yote yamejengwa juu ya dhana kwamba mtu akipewa kazi isiyo na jibu maalumu, atamwaga humo yaliyo moyoni bila kujua.

Mwanzoni mchoro haukutumika kusoma moyo. Mwaka 1926 Florence Goodenough, mwanasaikolojia wa Marekani, aliutumia kukadiria akili ya mtoto kwa kuhesabu viungo alivyokumbuka kuvichora. Mwaka 1949 Karen Machover alidai kwamba mchoro huohuo unaonyesha nafsi ya mchoraji, na mwaka 1968 Elizabeth Koppitz akatoa orodha ya alama 30 alizoziita viashiria vya matatizo ya hisia. Orodha za namna hiyo zilienea katika kliniki na shule, na baadaye baadhi ya wataalamu wakaanza kuzitumia kuamua kama mtoto amedhulumiwa kingono.

Alama inayotajwa zaidi katika suala hilo ni mtoto kuchora viungo vya siri. Mwaka 1987 Roberta Hibbard na wenzake walilinganisha michoro ya watoto wa miaka 3 hadi 7 walioshukiwa kudhulumiwa kingono na michoro ya watoto wengine. Viungo vya siri vilionekana mara nyingi zaidi katika kundi la kwanza, na habari hiyo ikanukuliwa sana. Lakini hata katika kundi hilo ni takribani mtoto mmoja tu kati ya kumi aliyevichora. Wengine wote walichora mtu wa kawaida.

Mfano wa hesabu unaonyesha maana ya jambo hili. Tuseme kuna watoto 1,000, na 100 kati yao wamedhulumiwa. Tuseme pia kwamba asilimia 10 ya waliodhulumiwa huchora viungo vya siri, na asilimia 2 tu ya wasiodhulumiwa hufanya hivyo. Waliodhulumiwa watakaoonyesha alama hiyo ni 10. Miongoni mwa watoto 900 waliobaki, asilimia 2 ni watoto 18. Kwa hiyo mtaalamu atapata michoro 28 yenye alama, na 18 kati yake, yaani karibu theluthi mbili, ni ya watoto ambao hakuna aliyewagusa. Wakati huohuo watoto 90 waliodhulumiwa kweli wataachwa, kwa kuwa michoro yao haina kasoro yoyote. Alama inaweza kuwa na uhusiano wa kweli na dhuluma katika makundi makubwa, na bado isifae kabisa kumwamulia mtoto mmoja aliyeketi mbele ya mtaalamu.

Alama nyingine ni dhaifu zaidi. Mwaka 2012 Brian Allen na Chriscelyn Tussey walipitia tafiti zilizokuwa na makundi ya kulinganisha, za dhuluma ya kingono na ya kupigwa. Hawakupata alama hata moja, wala mfumo wowote wa kuhesabu alama, wenye ushahidi wa kutosha kuutumia kumtambua mtoto aliyedhulumiwa.

Kwa matatizo ya hisia hali ni hiyohiyo, kwa sababu mambo mengi yasiyohusu moyo huubadilisha mchoro. La kwanza ni umri. Mtoto wa miaka mitatu au minne kwa kawaida huchora kichwa chenye miguu, bila kiwiliwili, na mikono na shingo huja baadaye. La pili ni ustadi na mazoea. Asiyejua kuchora vidole huviacha, na aliyefuta mara nyingi huacha weusi. Koppitz aliandaa vipimo vyake kwa watoto wa Marekani. Mtoto anayeshika penseli kwa nadra anaweza kuonekana mgonjwa katika vipimo hivyo, ilhali alichokosa ni mazoezi.

Kwa nini basi wataalamu wengi waliendelea kuamini? Mwaka 1967 Loren na Jean Chapman walichunguza swali hilo. Waliwaonyesha wanafunzi wa chuo michoro ya watu, kila mmoja ukiwa na maelezo ya tatizo la aliyedaiwa kuuchora, lakini maelezo hayo yalikuwa yamepangwa kiholela. Hata hivyo wanafunzi walisema wameona kwamba wenye shaka kwa watu huchora macho ya ajabu, na wenye hofu kuhusu akili zao huchora vichwa vikubwa. Hayo ndiyo mambo waliyoyataja wataalamu wa kliniki kutokana na uzoefu wao. Uhusiano haukuwa katika michoro. Ulitoka katika mazoea ya kuunganisha macho na shaka, na kichwa na akili. Ndiyo maana miaka mingi ya kazi haimsahihishi mtaalamu: kila mchoro unaolingana na imani yake hukumbukwa, na usiolingana husahaulika.

Madhara huenda pande mbili. Mchoro ukisomwa vibaya, mzazi asiye na hatia hushukiwa na mtoto huulizwa mara kwa mara juu ya jambo ambalo halikutokea, hadi majibu yake yenyewe yanaharibika. Mchoro usio na alama nao huweza kuwatuliza watu wazima, huku mtoto akirudishwa kwa anayemuumiza.

Hili halimaanishi kwamba penseli iondolewe chumbani. Mwaka 1998 Julien Gross na Harlene Hayne walionyesha kwamba watoto wanaochora huku wakisimulia matukio yaliyowagusa hueleza mengi kuliko wanaosimulia tu. Hapo kinachopimwa ni maneno ya mtoto, na mchoro humsaidia tu kukumbuka na kuongea. Msaada huo una mpaka wake: maswali yakiwa ya kumtilia mtoto maneno mdomoni, kuchora huweza kuongeza pia kumbukumbu za uongo.

Kwa hiyo mwalimu au muuguzi anayeona mchoro unaomtia hofu hufanya vyema kusema tu, “Niambie kuhusu mchoro huu,” kisha kuandika maneno ya mtoto kama alivyoyatamka, bila kumtajia mtu wala tendo. Likitokea la kutia shaka, humpeleka kwa wahusika wa ulinzi wa mtoto. Mahojiano yenyewe yafanywe na aliyefunzwa, kwa maswali ya wazi, kama katika utaratibu ulioandaliwa na Michael Lamb na wenzake, pamoja na uchunguzi wa daktari na ushahidi mwingine. Kwa matatizo ya hisia, hojaji iliyojaribiwa, kama ile ya Robert Goodman ya mwaka 1997 yenye vipengele 25, ambayo ina tafsiri ya Kiswahili, humsaidia mtaalamu kuamua ni mtoto yupi wa kuchunguzwa zaidi. Utambuzi wa tatizo hutokana na mazungumzo na mtoto, mzazi na mwalimu, na kumwangalia mtoto kwa muda.