Makato ya Kila Mwezi kwa Fedha za Kigeni Baada ya Kurejea Nyumbani

Mkazi wa Choma, wilayani Igunga, aliyefanya kazi Maskati na kurejea nyumbani, aweza kukuta akaunti yake ikiendelea kukatwa fedha kwa huduma ya filamu aliyojiunga nayo huko kwa kadi ya benki ya Tanzania. Kiasi cha makato hubadilika mwezi hadi mwezi, naye hudhani kuwa ni tozo za benki. Mara nyingi bei ni ileile. Kilichobadilika ni thamani ya shilingi.

Tuchukue ada ya riali 4. Riali ya Omani imefungamanishwa na dola, na tangu mwaka 1986 ni sawa na takriban dola 2.60, hivyo ada hiyo ni dola 10.40. Tuseme siku ya malipo dola moja ni shilingi 2,500: hapo ni shilingi 26,000. Iwapo benki hutoza asilimia 3 kwa malipo ya fedha za kigeni, huongezeka shilingi 780. Dola ikipanda, ada na tozo hupanda pamoja, kwa kuwa hutumika kiwango cha siku ya malipo, wala si cha siku ya kujiunga.

Kufuta programu kwenye simu hakusitishi malipo. Kuiacha akaunti tupu nako hakusaidii, kwani mtoa huduma aweza kujaribu tena fedha zitakapoingia. Hata kadi mpya si kinga kamili: mitandao ya kadi ina utaratibu wa kuwapa wafanyabiashara namba iliyobadilishwa.

Usitishaji huanzia pale ulipojiunga. Ikiwa ni kupitia Google Play, tumia akaunti ileile ya wakati huo, gusa picha ya wasifu, kisha Payments & subscriptions, Subscriptions, na mwisho Cancel subscription. Fanya hivyo kabla ya tarehe ya makato, na uhifadhi barua pepe ya uthibitisho.

Ugumu mkubwa wa waliorejea ni laini ya simu. Namba ya siri ya kuthibitisha hutumwa kwenye namba ya Omani ambayo haipo tena hewani. Aliye bado huko abadilishe namba kabla ya kusafiri. Aliyekwisha kurudi amwandikie mtoa huduma kwa barua pepe aliyojiungia, akitaja tarehe na kiasi cha makato ya mwisho.

Asipojibiwa, aiombe benki yake kwa maandishi imzuie mfanyabiashara huyo, akitaja jina lake kama lilivyo kwenye taarifa ya akaunti, na aambatishe barua aliyotuma. Wakala wa benki aliye jirani hupokea na kutoa fedha. Ombi hili ni la tawi au kituo cha huduma kwa wateja. Adai namba ya kumbukumbu ya lalamiko, kwani ataihitaji iwapo benki haitamridhisha na akalazimika kulipeleka Benki Kuu ya Tanzania.